Tupeane uzoefu: Kuomba kuonana na Mkurugenzi wa Halmashauri bila kulazimisha (meseji kabla na baada)

Mama wa Vikundi
Wadau, leo tuongelee meseji za kuomba kuonana na Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri. Vikundi vingi vya kata vinakwama hapa. Shida yao ni ya haki kabisa, ila ujumbe unafika mezani kwa katibu muhtasi umekaa kama amri, na haujibiwi. Hii ni ya kikundi cha akina mama walioomba mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani (ile ya wanawake 4, vijana 4, wenye ulemavu 2):

"Habari. Sisi ni kikundi tunataka kumuona DED LEO. Tumezungushwa sana na hao maafisa wenu. Hela ni za wananchi sio zenu. Jibu haraka tujue tunakuja saa ngapi???"

Tuiandike upya. Na anayezijua ofisi hizi atueleze kwa nini haifanyi kazi, maana kusema tu "haina adabu" hakumsaidii mtu.

Masjala Mstaafu
Anza kwa kujua nani anaisoma. Si Mkurugenzi, ni katibu muhtasi wake. Akiipokea ana kazi tatu: kumweleza bosi ni nani anataka kumwona na kwa jambo gani, kuagiza jalada lenye jambo hilo kutoka masjala, na kutafuta nafasi kwenye ratiba. Sasa isome tena ile meseji. Jina la kikundi halipo. Kata haipo. Tarehe waliyopeleka maombi haipo. Cha kumwambia bosi hana, zaidi ya "kuna watu wamekasirika". Jalada hawezi kuliagiza kwa sababu hajui aulize la nani.

Hilo la jalada ndilo zito kuliko yote. Hata mkifanikiwa kuingia, kama jalada haliko mezani Mkurugenzi atawaambia, "Ngoja niwaulize watu wa Maendeleo ya Jamii," na mtatoka hivyohivyo mlivyoingia. Lengo likiandikwa mapema, jalada linapanda kabla yenu. Mara nyingine anamwita na mkuu wa idara husika akae kwenye mazungumzo, na jambo linaishia palepale.

Mimi ningeiandika hivi:

"Habari za kazi. Naitwa (jina), katibu wa kikundi cha wanawake (jina la kikundi), Kata ya (jina). Tunaomba nafasi ya kuonana na Mkurugenzi kwa dakika 15. Tutakuja wawili, mwenyekiti na mimi. Lengo ni kufahamu maombi yetu ya mkopo, yaliyopokelewa tarehe 12 Machi, yamefikia hatua gani, na kama kuna kiambatisho kinachokosekana tukilete. Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata analifahamu suala hili. Tupo tayari kufika siku na saa atakayopanga. Simu yangu ni hii ninayotumia. Asante."

Angalieni kilichotokea kwa neno "tumezungushwa". Halikufutwa kwa woga. Limegeuzwa kuwa swali lenye jibu: yamefikia hatua gani. Mtu hawezi kulijibu neno "mnatuzungusha" bila kujitetea, lakini swali la hatua anaweza kulijibu kwa kufungua jalada. Tarehe 12 Machi nayo inasema kimyakimya kwamba mmesubiri.

Kijana wa Mtaa
Mnisamehe wakubwa, mimi hapa sikubaliani. Mkurugenzi analipwa kwa kodi yetu. Kwa nini mwananchi aombe kama anapiga magoti? Ofisi ni ya umma, unaingia unaonana naye.

Masjala Mstaafu
Mwanangu, haki unayo na hakuna aliyekunyang'anya. Kwenye ile meseji ya pili hakuna hata neno moja la kupiga magoti. Hakuna "tunakuomba sana baba", hakuna "sisi wanyonge". Hayo nayo ningeyakata, kwa sababu yanakula nafasi na hayasemi kitu. Mtu amejitambulisha, amesema anataka nini na kwa muda gani. Na kama kweli mmezungushwa, yaani kuna afisa ameomba kitu kidogo au amekataa kupokea fomu, hilo ni lalamiko. Lina mlango wake: dawati la malalamiko la halmashauri, au mfumo wa e-Mrejesho. Ukilichanganya na ombi la miadi, hakuna kitakachoshughulikiwa vizuri.

Kijana wa Mtaa
Nimekuelewa kwenye lalamiko. Ila bado naona asiyejua kuandika hivyo anaumia, wakati shida yake ni ileile.

Mwl. Kasimu
Ongezeni hili: ombi lolote lazima lipitie kwa Mtendaji wa Kata, agonge muhuri. Bila muhuri wake masjala hawapokei. Meseji ya Wasapu ni bure tu.

Masjala Mstaafu
Mwalimu, uko sahihi kwa nusu. Barua ya kikundi ikipitia kwa Mtendaji inakuwa na nguvu, kwa sababu inathibitisha kikundi kipo na kinafahamika. Andikeni "K.K. Mtendaji wa Kata" juu, chini ya anwani ya Mkurugenzi. Lakini si kila ombi. Kama jambo lenyewe linamhusu Mtendaji, utaipitishaje kwake? Masjala inapokea barua ya moja kwa moja. Muhimu ni kwenda na nakala mbili. Moja inabaki, nyingine inagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, unarudi nayo. Hiyo tarehe ndiyo utakayoiandika kwenye meseji ya kukumbushia.

Wasapu nayo si bure, ila haina kumbukumbu kwenye jalada. Itumie kuomba nafasi. Jambo lenyewe liwe na barua.

Asha Pwani
Swali: kwenye barua naanza na "Shikamoo Mheshimiwa"?

Masjala Mstaafu
Barua ya ofisi haina shikamoo. Inaandikwa kwa cheo, si kwa jina: Mkurugenzi Mtendaji, Halmashauri ya Wilaya ya fulani. Kisha YAH: kwa herufi kubwa, mfano "YAH: OMBI LA KUONANA NAWE KUHUSU MAOMBI YA MKOPO WA KIKUNDI". Hapo unaingia kwenye jambo. "Mheshimiwa" tumezoea kwa Mkuu wa Wilaya, Mbunge, Diwani. Mkurugenzi mwite Mkurugenzi, inatosha na inapendeza. Shikamoo iweke mlangoni, ukionana naye ana kwa ana na umri unaruhusu.

Fundi Ramani
Mimi nina la kwangu kidogo. Tuna harambee ya zahanati mwezi ujao, nataka Mkurugenzi awe mgeni rasmi. Nitumie hiyohiyo ya dakika 15?

Mama wa Vikundi
Hapana kaka, huo ni mwaliko, si miadi. Mwaliko unahitaji ratiba ya shughuli, mahali, saa ya mgeni kuwasili na saa ya kuondoka, na jambo analotarajiwa kufanya: kuzindua, kuchangia au kuhutubia. Upeleke mapema, wiki mbili au zaidi, na uambatanishe taarifa fupi ya zahanati ili wamwandalie hotuba. Ukiandika "dakika 15" atadhani unakuja ofisini.

Dada wa Ratiba
Nizungumzie muda, kwa sababu kazi yangu ni kupanga ratiba za wakubwa (si halmashauri, lakini zinafanana). Watu wengi wanaandika "dakika 5" wakidhani wanaonesha unyenyekevu. Dakika 5 zinaisha kwa salamu na kukaa. Kikao kinafika dakika 40, waliokuwa nyuma yenu wanaondoka, na safari ijayo nikiona jina lenu nawaweka mwisho. Andika muda wa kweli. Jambo moja lenye karatasi tayari ni dakika 10 hadi 15. Mambo mawili, omba 20 na uyataje yote mawili. Zaidi ya hapo hicho ni kikao, omba kikao.

Idadi ya watu pia inaamua. Wawili wanaingia kati ya shughuli mbili. Kumi na wawili wanahitaji ukumbi, na mimi sina ukumbi leo.

Epukeni wiki ya Baraza la Madiwani. Linakaa kila robo mwaka, na siku zile menejimenti nzima ipo kwenye makabrasha. Ukipiga simu kuuliza tu, "Baraza ni lini?", utaambiwa, kisha unaomba baada yake.

Mama wa Vikundi
Na kutaja siku? Wengine wanaandika "tutafika Jumanne saa 3 asubuhi".

Dada wa Ratiba
Hiyo ni kujipangia. Mimi napenda "siku zinazotufaa ni Jumanne au Alhamisi, lakini tutafika siku yoyote mtakayopanga". Inanipa pa kuanzia.

Masjala Mstaafu
Hapo tunatofautiana. Kwa mkubwa wa ofisi mimi nisingetaja siku kabisa, isipokuwa mnatoka mbali na gari ni la mara mbili kwa wiki. Basi semeni sababu: "tunatoka kata ya mbali, usafiri ni Jumanne na Ijumaa". Bila sababu inaonekana mnachagua.

Dada wa Ratiba
Nimekusikia, ila sisi tunaoshika daftari tunapata shida zaidi na wasiotaja siku. Unampangia, anasema haiwezekani, unaanza upya.

Juma wa Mombasa
Huku kwetu Kenya kwa chifu unaingia tu, lakini kwa Naibu Kamishna wa Kaunti ni miadi kama hivyo. Nimeomba, zimepita siku nne kimya. Nikumbushe vipi bila kuonekana nasukuma?

Dada wa Ratiba
Hesabu siku za kazi, si siku za kalenda. Zikifika tano, tuma mstari mmoja kwenye mazungumzo yaleyale, usianze ujumbe mpya: "Habari za kazi. Naulizia ombi langu la tarehe fulani la kuonana na Naibu Kamishna kuhusu jambo fulani, dakika 15. Kama ratiba imebana, naomba kujua wiki inayofaa." Usitume alama za kuuliza tupu, usibipu, usitume ujumbe wa sauti wa dakika tatu, maana hausikilizwi mbele ya wageni. Na usiandike "nilishaongea na mkubwa fulani". Unamlazimisha katibu athibitishe, na mkubwa huyo akikana umefunga mlango.

Ofisi nyingi zina mkataba wa huduma kwa mteja ubaoni au mapokezi. Soma wameahidi kujibu barua ndani ya siku ngapi. Hiyo unaweza kuitaja kwa upole.

Mwl. Kasimu
Na ukijibiwa "Mkurugenzi amekuelekeza kwa Afisa Maendeleo ya Jamii", si ndiyo kuzungushwa kwenyewe?

Masjala Mstaafu
Mara nyingi ameandika maelekezo pembeni ya barua yako, na afisa yule sasa anatakiwa kumrudishia majibu. Nenda, umuulize kama jalada limeshuka kwake na maelekezo yanasemaje. Likiwa limeshuka, umepiga hatua. Kama hajaliona, rudi masjala na nakala yako yenye muhuri, waulize jalada liko kwa nani. Hapo unamtafuta aliyelishika, na ombi la pili kwa Mkurugenzi, likihitajika, litataja jina la idara na tarehe uliyofika.

Kijana wa Mtaa
Na afisa mwenyewe akiwa ndiye aliyelikalia?

Mama wa Vikundi
Hilo ndilo kikundi changu kimoja wanaliuliza sasa hivi. Mwenye uzoefu nalo aandike.