Bodi hawaielewi chati yangu ya maziwa, nisaidieni kichwa na hii mistari

KaraniWaMaziwa:
Habari zenu wakuu. Mimi ni karani kwenye ushirika wa wafugaji, maziwa yanakuja kwa njia tatu, Mlimani, Bondeni na Barabarani, tunayapima mapokezi kwa alkoholi na yakiganda tunamrudishia mwenyewe. Kila nusu mwaka natoa chati ya yaliyokataliwa, juzi nimeipeleka kwa bodi mwenyekiti akaangalia weee, akaniuliza "sasa hii inasemaje?" Nikaanza kueleza mpaka chai ikapoa.

Kichwa changu kilikuwa "Lita za maziwa yaliyokataliwa kwa kila njia, Januari hadi Juni". Faili nimelirithi, ni .xls la enzi hizo, nyuma kijivu, mistari myeusi imekatiza chati nzima, boksi kuzunguka chati na boksi jingine kuzunguka maelezo ya rangi. Mimi nabadilishaga namba tu. Namba zenyewe hizi:

Mlimani 60, 55, 70, 140, 190, 205
Bondeni 50, 45, 60, 55, 50, 60
Barabarani 40, 35, 45, 40, 45, 35

Nifanyeje?

FundiLaptopu:
Rahisi sana hiyo, nenda View utaona Gridlines, toa tiki. Kwisha habari.

KaraniWaMaziwa:
@FundiLaptopu nimetoa kaka, vimepotea vile vya kwenye shiti, chati iko vilevile.

MzeeTakwimu:
Hiyo ya View ni ya vijumba vya shiti, haigusi chati. Bofya mstari mmoja ndani ya chati, itachaguliwa yote, tutaamua chini hapo ifutwe au ipauke. Ila tuanze na kichwa maana mistari ni kazi ya dakika mbili.

Binti, kabla ya kuandika kichwa jumlisha kwanza. Januari yamekataliwa lita 150 njia zote, Juni 300. Yameongezeka mara mbili, zimezidi lita 150. Sasa uliza hizo 150 zimetoka wapi. Mlimani imeongeza 145, Bondeni 10, Barabarani imepungua 5. Yaani karibu ongezeko lote ni njia moja. Hicho ndicho mwenyekiti alikuwa anataka useme, na kichwa chako hakikukisema, kimemtajia tu kuna nini kwenye karatasi halafu kikamwachia kazi.

Mimi ningeandika: "Maziwa yanayokataliwa yameongezeka mara mbili tangu Januari, karibu ongezeko lote ni la njia ya Mlimani". Hakikisha hakizidi mistari miwili, kivutie kushoto. Kile kichwa chako cha zamani usikitupe, kiweke chini yake kwa herufi ndogo, kwa sababu ndicho kinachosema ni lita na ni miezi ipi.

BintiWaMvua:
Mbona msiseme tu "Mvua imeharibu maziwa ya Mlimani"? Imeanza kupanda Aprili, masika hiyo, barabara ya mlimani kila mtu anaijua inakuwaje, pikipiki zinachelewa maziwa yanachacha. Kichwa kifupi na kinagonga.

MzeeTakwimu:
Inawezekana kabisa ni mvua, lakini kwenye hizo namba hakuna mvua. Kuna lita na miezi. Ukiandika mvua kwenye kichwa mjumbe mmoja akakuuliza "mbona Bondeni nao walinyeshewa?" umekwama. Kichwa kiseme kile ambacho mtu akishusha macho anakiona kwenye chati, habari ya mvua uiseme kwa mdomo au kwenye aya ya chini ukiwa na saa za kufika za pikipiki.

Halafu swali, Mlimani siku hizi wanaleta maziwa mengi kuliko Januari? Kama wameongeza mzigo mara tatu basi kukataliwa zaidi si ajabu, na kichwa changu hapo juu kitakuwa kimewaonea.

KaraniWaMaziwa:
Hapana mzee, wako palepale, kama lita 9,000 kwa mwezi.

MzeeTakwimu:
Basi kichwa kinasimama.

Msafi_Kabisa:
Kwenye mistari mimi sina huruma, futa YOTE. Mistari, boksi, namba za pembeni, rangi ya nyuma, kila kitu, halafu weka namba juu ya kila nukta. Chati inakuwa safi kama sahani.

MzeeTakwimu:
@Msafi_Kabisa nusu nakubaliana na wewe. Boksi mbili hizo hazina kazi: bofya kulia ukingoni, Format Chart Area, Border, No line. Maelezo ya rangi nayo vilevile, au afadhali uyafute kabisa uandike jina la njia mwishoni mwa mstari wake, mtu asihangaike kulinganisha rangi. Kijivu cha nyuma, Fill, No fill.

Ila namba juu ya kila nukta ni namba 18, na Bondeni na Barabarani zinapita karibukaribu zitapandana. Umeondoa fujo ya mistari ukaleta fujo ya namba. Weka namba mbili tu, 60 na 205 za Mlimani. Na kwa kuwa mtu ataulizia Aprili, mistari usifute yote. Nenda Format Axis, Major iwe 100, ibaki mistari michache tu, ipake kijivu cha kupauka. Ionekane ukiitafuta. Kama ungekuwa na nguzo tatu tu zenye namba juu, hapo ndiyo ningesema futa yote.

Mlimani rangi nzito, hizo mbili kijivu cha katikati. Nasema cha katikati maana najua ofisi zetu, mtatoa fotokopi, kijivu chepesi mashine inakimeza. Mistari ya nyuma ikimezwa hakuna hasara, njia mbili zikimezwa umebaki na moja.

Msafi_Kabisa:
Mi bado nafuta yote 😂

AfisaMauzo_77:
Dada kuwa makini. Mimi niliweka kichwa "Mauzo ya kanda yetu yameshuka" kwenye ripoti, bosi akaniita akasema kichwa cha chati si mahali pa kusengenya watu. Nikarudisha "Mwenendo wa mauzo", kila mtu akafurahi na hakuna aliyeisoma.

KaraniWaMaziwa:
Hahaha pole. Wakuu nusu mwaka ijayo namba zitabadilika, kichwa nitakuwa naandika upya kila mara?

FundiLaptopu:
Hapa sasa ndio kwangu. Kama miezi iko safu ya A kuanzia A2 na Mlimani ni B, andika hii kwenye seli yoyote tupu:

```
="Mlimani: lita "&B7&" zilikataliwa "&A7&", "&A2&" zilikuwa "&B2
```

Halafu bofya kichwa cha chati, nenda kwenye upau wa fomula andika = kisha bofya hiyo seli, Enter. Namba zikibadilika kichwa kinafuata.

MzeeTakwimu:
Nzuri, na umefanya la maana kutoandika "zimeongezeka" humo ndani. Namba zikishuka neno lingebaki linadanganya. Ila hiyo inatoa namba tu, haitakwambia tatizo limehamia Bondeni. Hilo utalisoma mwenyewe.

KaraniWaMaziwa:
Nimemaliza, nimechapa, nimempelekea mwenyekiti leo asubuhi. Safari hii hakuuliza inasemaje, ameuliza nani anakusanya njia ya Mlimani 😅 Tatizo jipya: katibu anataka kila chati ianze na "Kielelezo Na. 3:" na kichwa kiwe cha kawaida, anasema ndio utaratibu wa ripoti, na mjumbe mmoja anatokea Mlimani kashaanza kununa.

MzeeTakwimu:
Namba ya kielelezo iweke chini ya chati pamoja na kile kichwa cha zamani, juu ubaki na chako.

AfisaMauzo_77:
Na huyo mjumbe?

KaraniWaMaziwa:
Huyo kesho nakutana naye mapokezi, nitawaambia.