Tupeane uzoefu: Uliomba uzamivu, vyuo vyote vikakutosa. Mwaka uliofuata uliutumiaje?

Kalamu Kavu
Wakuu, habari zenu. Nimeomba vyuo tisa na vyote tisa vimenijibu "tunasikitika". Jibu la mwisho limeingia juzi, na hakuna hata kimoja kilichoniita kwenye usaili. Nina mwaka mzima kabla ya dirisha lingine. Aliyepita njia hii anieleze alianzia wapi, maana faili la insha nalifungua kila usiku na kulifunga bila kugusa neno.

Mtu wa Hesabu
Rudia mtihani wa GRE mkuu. Ndiyo iliyoniokoa mimi. Alama zikipanda kamati haina pa kukukatia.

Mama Petri
Hapo kwenye GRE, inategemea. Idara nyingi za Marekani zimeiondoa miaka ya karibuni, na kuna ambazo hata ukituma alama hazisomwi. Soma ukurasa wa kila programu kabla hujalipia. Alama zenyewe zinadumu miaka mitano, kwa hiyo kama za kwanza si mbovu, ziache.

Kalamu, mwaka wangu mimi ulikuwa programu kumi za biolojia, usaili sifuri. Wiki mbili nililia, ya tatu nikaziandikia idara zote kumi barua pepe fupi: nashukuru kwa kunisoma, naomba tena mwakani, kuna sehemu ya maombi yangu iliyokuwa dhaifu zaidi? Saba hazikujibu. Mbili zilisema waombaji walikuwa wengi. Moja ikanipa sentensi ambayo nadhani ilikuwa na thamani kuliko ada zote nilizolipa: barua mbili za walimu wako zinasema ulikuwa mwanafunzi mzuri darasani, lakini hatukuona wewe mwenyewe ulifanya nini kwenye utafiti.

Kumbe ndivyo ilivyokuwa. Mwalimu aliyenipa alama ya juu hajawahi kuniona nikishika pipeti. Angeandika nini zaidi?

Kingine nilikigundua nilipokaa na orodha yangu. Nilikuwa nimetaja msimamizi mmoja kwa kila chuo. Wawili walikuwa wanakaribia kustaafu na hawachukui wanafunzi tena. Mmoja alishahamia chuo kingine, nami nimemsifia aya nzima kwenye insha niliyoituma chuo alichokihama! Yaani kamati ilijua kwamba sijafungua hata ukurasa wa maabara yake.

Bahati Njema
Samahani jamani, mimi nimepata vyuo viwili, kimoja kina ufadhili kamili na kingine nusu. Nichague kipi?

Kalamu Kavu
Mkuu, huu uzi ni wa waliokosa 😅

Sauti ya Pili
Yangu ilikuwa tofauti na ya Mama Petri, na nadhani hapa ndipo watu wanapopotea. Mimi niliitwa usaili mara nne, nikakosa kote. Makaratasi yangu hayakuwa na shida, shida ilikuwa mdomo. Profesa aliniuliza kwa nini nilichagua kikundi kile cha kulinganisha kwenye jaribio langu, nikajibu "ndivyo tulivyoelekezwa". Mwaka uliofuata insha sikuigusa sana. Kila wiki nilimweleza mtu wa fani nyingine utafiti wangu kwa dakika kumi, naye anikate kwa maswali. Kwa hiyo Kalamu, kama hukuitwa popote, tatizo lako liko kabla ya usaili. Usipoteze miezi kujifunza kuongea.

Mama Petri
Kweli kabisa. Na hilo neno "mwaka mzima" lifute kichwani. Programu nyingi za Marekani hufunga maombi wiki mbili za kwanza za Desemba. Ukianza Aprili una miezi minane tu. Halafu mwalimu anaandika barua Novemba, na anaandika alichokiona hadi Oktoba. Kazi utakayoianza Septemba haitaingia kwenye barua kwa maana yoyote.

Mimi sikuacha kazi yangu ya kufundisha, sikuwa na uwezo huo. Mei nilimfuata mhadhiri aliyekuwa na mradi wa bakteria kwenye maji, nikaomba siku mbili kwa wiki. Mwanzoni nilisafisha data tu. Julai nikaona sampuli pacha zinatoa hesabu mbili zilizoachana mno, na zilizoachana zote zilikuwa za siku moja ya wiki. Nikafuatilia: siku hiyo sampuli zilikuwa zinakaa nje ya barafu kwa saa kadhaa zikisubiri mtu wa kuzichuja. Tukabadilisha utaratibu, tofauti ikapungua sana. Si ugunduzi wa kutikisa dunia, ila mhadhiri aliliona likitokea mbele yake, na barua yake ikalieleza kwa kina.

Insha nayo ikajiandika. Ya kwanza ilianza "Tangu utotoni nimevutiwa na sayansi". Ya pili ilianza na zile hesabu mbili zisizolingana: nilidhani nini, nilikosea wapi, nilipima nini, na swali gani limebaki ambalo ningetaka kulifuata kwenye maabara ya fulani. Utoto wangu sikuutaja.

Mtu wa Hesabu
Lakini bila chapisho dada, si bure?

Mama Petri
Sikuwa na chapisho. Miezi minane haitoshi kwa watu wengi, na makala "inayoandaliwa" isiyo na rasimu wasaili wataigundua kwa swali moja tu. Raundi ya pili niliomba programu nane, nikaitwa tatu, nikapata moja yenye ufadhili.

Nyuma ya Pazia
Mimi nitatoa upande mwingine. Nilijenga upya hivyo hivyo, raundi ya pili nikakosa tena kote. Nikaenda shahada ya uzamili yenye utafiti, na sasa ndiyo naomba mara ya tatu. Mtu mwenye wastani mdogo wa shahada ya kwanza kama mimi, miezi minane haifuti zile alama. Zinahitaji alama mpya pembeni yake. Nami nauliza: chuo kilichokukataa unaomba tena, au unakiruka?

Sauti ya Pili
Kiruke. Fomu nyingine zinauliza kama uliwahi kuomba, kwa hiyo wanalo faili lako la zamani.

Mama Petri
Mimi iliyonichukua ni mojawapo ya zilizonikataa. Ila nilikuwa na kitu kipya cha kuonyesha, na nilikitaja wazi. Kwa faili lile lile, nisingethubutu.

Kalamu Kavu
Nimefungua orodha yangu sasa hivi. Msimamizi mmoja ukurasa wake unasema hachukui wanafunzi wapya, na tangazo lenyewe lina tarehe ya kabla sijaomba. Aibu. Wengine niwaandikie lini? Na yule mwalimu aliyeniandikia barua mwanzo, nimrudie au atachoka?

Mama Petri
Wasimamizi waandikie kati ya Agosti na Oktoba, barua fupi, swali moja: unachukua mwanafunzi mwakani? Jua tu kwamba kuna programu ambazo kamati ndiyo inayoamua, na "ndiyo" ya profesa haikupi nafasi.

Mwalimu mrudie, wiki sita kabla ya tarehe ya mwisho, ukiwa na ukurasa mmoja wa mambo uliyoyafanya mbele yake na rasimu ya insha. Lakini kwanza muulize kama anayo ya kutosha kuandika barua yenye nguvu. Wangu mmoja alisita kidogo, akasema "nitajaribu". Nilimshukuru, nikatafuta mwingine.