Tupeane uzoefu: mlimpotezaje mteja ambaye namba yake mnayo?

Kijana_wa_Ngambo: Assalamu alaikum wenzangu. Ofisi yetu inakodisha nyumba za wageni Paje na Jambiani. Mama mmoja wa Dar alipiga akitaka nyumba ya watu 12. Aliyepokea akamwandika kwenye CRM kwa namba ya 0777. Jioni mama akajaza fomu ya tovuti, fomu ikamsajili upya kwa +255777. Mfumo ukaona watu wawili. Mie nikampigia kupitia ile ya pili, nikamtajia laki tano kwa usiku, nikaandika simu na kikumbusho cha Jumatatu. Jumapili akapiga mwenyewe. Mwenzangu akafungua ile ya kwanza, tupu, akaanza kumuuliza upya na kumtajia laki sita. "Kwani nyie ni ofisi mbili?" Hakurudi tena.

BintiWete: Pole. Mie simu yangu ilitumbukia baharini na namba zote zikaenda.

Kijana_wa_Ngambo: Bi BintiWete, sisi namba tulikuwa nazo, tena mara mbili!

Yakhe_Mkoani: Dogo hilo. Toa orodha yote kwenye Excel, namba ziwe safu ya A, halafu:

```
="+255"&RIGHT(SUBSTITUTE(A2," ",""),9)
```

Zote zitakuwa sura moja, zinazojirudia utaziona.

Karani_Mkongwe: Kwa namba za Tanzania sawa, yakhe. Ila mgeni wa Oman ni +968 na tarakimu nane; fomula yako itakata na kumbandika +255, namba isiyopigika. Nilishawaharibu wageni wa Maskati namna hiyo, bahati nilikuwa na nakala. Tenga kwanza zinazoanza na + au 00 ambazo si 255. Na usiunganishe rekodi kabla ya kusoma simu zilizoandikwa pande zote mbili, maana mifumo mingi hairudishi nyuma. Iliyo na historia ndefu ndiyo ibaki. Kisha ifungeni fomu isipokee namba bila ya msimbo wa nchi, la sivyo mwezi ujao mtasafisha tena.

SolaChake: Kwetu namba zilikuwa safi. Muuzaji wetu aliacha kazi, vikumbusho vyake vikaendelea kulia kwenye akaunti isiyofunguliwa na mtu. Waliotaka bei za paneli wakanunua kwengine. Siku hizi hatufungi akaunti kabla ya kuhamisha vikumbusho vyake kwa mtu mwengine, na kila asubuhi naangalia orodha ya vilivyopitwa na tarehe. Ikizidi kumi, najua kuna mtu hapigi.

Kijana_wa_Ngambo: Nimejaribu jana. Karani, kuna namba moja ina wageni tisa: ya dereva anayetuletea watu. Niwaunganishe?

Karani_Mkongwe: Hasha! Mwandike dereva peke yake, wageni waunganishwe naye kama aliowaleta.

Yakhe_Mkoani: Na dereva asipotaka kutoa namba za wageni wake?

Karani_Mkongwe: Hapo hata mie nimekwama. Kwetu hawatoi.