Yule bwana wa projekta kafuta `max` ya watu ubaoni, sasa "makambako" ina herufi 6 zisizojirudia!

MtuWaUyole (mwanzisha uzi)

Wakuu, simtaji jina. Kila aliyekanyaga lile darasa la Jumamosi hapa Mbeya anamjua, na kikohozi chake kile kabla ya kumdhalilisha mtu.

Swali ni lile la kila usaili, namba 3 kule LeetCode: umepewa stringi, tafuta urefu wa kipande kirefu kuliko vyote ambacho hakirudii herufi. Dada mmoja wa mstari wa mbele kaenda ubaoni, kaandika hivi bila kutetemeka:

```python
def refu(s):
    mwisho = {}
    kushoto = 0
    bora = 0
    for kulia, h in enumerate(s):
        if h in mwisho:
            kushoto = max(kushoto, mwisho[h] + 1)
        mwisho[h] = kulia
        bora = max(bora, kulia - kushoto + 1)
    return bora
```

Hakuna cha kuongeza, hakuna cha kupunguza. Bwana yule akasimama. Akakohoa. Akachukua dasta, akafuta `max` ya `kushoto`. KAFUTA `max`! Akabakiza `kushoto = mwisho[h] + 1`, akageuka: "Anayeelewa haandiki urembo." Darasa likacheka mpaka mabati yakaitikia. Dada wa watu karudi kukaa kainamisha kichwa.

Halafu akaendesha mifano mitatu inayokuja na swali. "abcabcbb" ikatoa 3. "bbbbb" ikatoa 1. "pwwkew" ikatoa 3. Yote sahihi! Akatutazama kama mtu aliyeshusha mvua.

Ndugu zangu, mifano ile mitatu haigusi kosa lenyewe hata kidogo. Kwenye yote mitatu `kushoto` hairudi nyuma hata ukiifuta hiyo `max`. Mpe "makambako" uone atakavyoaibika mpaka stendi ya Makambako yenyewe.

Hesabu kuanzia 0. m ni 0, a ni 1, k ni 2, kisha a tena kwenye 3. Hapo a imejirudia, na ya kwanza ilikuwa 1, kwa hiyo `kushoto` inahamia 2. Dirisha sasa ni "ka". Inakuja m kwenye 4. Dikshonari inakumbuka m ya 0, inasema `kushoto` iwe 0 + 1, yaani 1. Lakini tulishafika 2! m ya 0 ilishatupwa nje ya dirisha zamani, ila dikshonari haijaambiwa; inaweka kumbukumbu za marehemu. Bila `max`, dirisha linarudi nyuma kwenye 1 na kuwa "akam". a mbili ndani!

Na haliishii hapo. Kwenye k ya 7 linarudi nyuma mara ya pili, kutoka 4 hadi 3, na mwisho kabisa linakuletea 6, kipande "ambako". Jibu la kweli ni 5, "mbako". Yaani amemfokea mtu mbele ya watu ili "ambako" iwe neno lenye a moja.

Na kafuta. Kwa dasta. Mbele za watu.

---

ParachichiLaTukuyu

Mkuu, pole, lakini mbona unalia kama wewe ndiye uliyefutiwa? Dada mwenyewe kanyamaza, wewe umefungua uzi na herufi kubwa.

Ila upande wa hoja uko sahihi asilimia zote. Mfano mfupi kuliko "makambako" ni "abba". Unaona kosa kwenye hatua nne tu: b ya pili inapeleka `kushoto` 2, kisha a ya mwisho inaivuta irudi 1, unapata "bba" na jibu 3 badala ya 2. Ukiwa na mashaka na dirisha la mtu yeyote, mpe "abba" kabla hujampa kitu kingine. Umbo lake ndilo linaloua: herufi moja inajirudia katikati, halafu inarudi herufi iliyokuwa nje ya hiyo jozi.

---

KijanaWaMbalizi

Mimi sielewi mnagombania nini. Si mhesabu tu herufi tofauti? `len(set("makambako"))` inatoa 5, ndiyo jibu lenu hilo hilo. Mstari mmoja, hakuna dirisha, hakuna dasta.

---

ParachichiLaTukuyu

@KijanaWaMbalizi hiyo imekuangukia kwa bahati. Jaribu "tukuyu". Herufi tofauti ni t, u, k, y, zipo 4. Lakini kipande kirefu kisichorudia ni "tuk" au "kuy", yaani 3, maana u inakukatisha kila baada ya hatua mbili. Swali linataka herufi zinazofuatana, huruhusiwi kuruka.

Hata hivyo umetupa kitu bila kukusudia. Idadi ya herufi tofauti ni dari: dirisha haliwezi kuipita. "makambako" ina herufi 5 tofauti, kwa hiyo jibu 6 la yule bwana lilikuwa linajishtaki lenyewe pale pale kwenye kioo. Hata bila kujua kosa liko wapi, ungejua lipo.

---

MtuWaUyole

UMEONA! Namba ilikuwa inajishtaki! Na bado kafuta!

---

Bi_Kihesa

Kamwene wote. Msiitegemee sana hiyo dari. "malangali" ina herufi 6 tofauti, na programu iliyofutwa `max` inatoa 6, kipande "angali". Imelingana na dari kabisa, hakuna kengele inayolia, lakini a ziko mbili humo na jibu sahihi ni 5, "ngali". Dari inakamata baadhi ya makosa, inayapitisha mengine. Ukitaka uhakika, andika toleo la kijinga linalojaribu kila kipande, lilinganishe na lako kwenye stringi fupi fupi za herufi a, b na c tu. Kwa herufi chache hivyo, umbo la "abba" linajitokeza haraka.

---

Mzee_wa_Lupu

Nyote mmepotea. Dikshonari ndiyo imewaletea hizo kumbukumbu za marehemu. Tumieni `set` na pointa mbili: kulia inaingiza, kushoto inatoa. Herufi ikitoka dirishani inatoka na kwenye `set`, hakuna wa kurudi nyuma.

```python
if s[kulia] in dirisha:
    dirisha.remove(s[kushoto])
    kushoto += 1
dirisha.add(s[kulia])
```

Nimeweka `if` kwa makusudi. Mkiweka `while` ndani ya `for` mnapata n mara n, itawachelewesha.

---

ParachichiLaTukuyu

Mzee, shikamoo. Nusu ya kwanza nakuunga mkono, ya pili hapana. Chukua "pwwkew". Dirisha lina p na w, inakuja w nyingine. `if` yako inatoa herufi moja tu ya kushoto, ambayo ni p. Ile w ya zamani bado imo! Unaongeza w, `set` inabaki na w moja, lakini kati ya `kushoto` na `kulia` kuna "ww". Kuanzia hapo `set` na dirisha haviongei lugha moja. Lazima iwe `while`: toa, toa, toa, mpaka ile inayogongana iondoke.

Na `while` hiyo haileti n mara n. Usihesabu lupu kwa macho, hesabu hatua za pointa. Kulia inasonga mbele mara n. Kushoto nayo inasonga mbele tu, kwa hiyo hata ikikaza mwendo haizidi n kwa safari nzima. Jumla ni hatua 2n. Swali linaruhusu stringi ya herufi hadi 50,000, kwa hiyo ni hatua kama 100,000. Anayejaribu kila kipande ana vipande zaidi ya bilioni 1.25 vya kukagua.

Sasa tazameni: hesabu hiyo yote imesimama juu ya jambo moja, kwamba kushoto hairudi nyuma. Kwenye `set` ni `kushoto += 1` inayoilinda. Kwenye dikshonari ni `max`. Ndiyo maana siyo urembo.

---

Mzee_wa_Lupu

Marahaba. Kwenye "ww" nimekuelewa. Kwenye mwendo bado naona kuna stringi mbaya itakayomtesa kushoto, nitaitafuta.

---

MnyaluMkali

Mwanzisha uzi una bahati wewe, umeonewa kwa `max`. Sisi Iringa tuna wetu, naye hatajwi, anayewafundisha watu waandike `if mwisho.get(h):` eti ni fupi. Wakuu! Herufi ya kwanza iko nafasi ya 0, na kwenye Python 0 ni uongo! Umeitafuta, umeipata, halafu `if` inasema haipo. Chukua "iringa" yenyewe. i ya 0, r, kisha i ya 2. `get` inarudisha 0, `if` inakataa, kushoto haisogei, inamaliza neno zima na kutoa 6. Jibu ni 5, "ringa". Mji mzima umekosewa na sifuri moja.

---

Bi_Kihesa

@MnyaluMkali hilo angalau "bbbbb" inalikamata, itatoa 2 badala ya 1. Andika `if h in mwisho` yaishe.

---

MtuWaUyole

Jamani turudi kwenye dasta. Mnaelewa kwamba KAFUTA? Ilikuwa imeandikwa tayari!

---

KijanaWaMbalizi

`max` ipi lakini? Naona ziko mbili. Kama ni ya `bora`, hiyo hata mimi ningeshangaa.

---

MtuWaUyole

Ya KUSHOTO. Nimeandika juu kabisa!

---

ParachichiLaTukuyu

Mkuu, Jumamosi nenda na "abba" mfukoni. Usimfokee. Mwombe aiendeshe tu kwenye projekta yake, ukae kimya.

---

Fundi_C_Njombe

Nyie wa dikshonari mnadeka. Mimi natumia safu, `int mwisho[26]`, nafasi ni `s[i] - 'a'`, inaruka kama upepo wa Kitulo. Ila kwenye jaribio lenye nafasi tupu kati ya maneno programu inakufa au inatoa namba za ajabu. Kuna anayejua kwa nini?

---

Bi_Kihesa

Nafasi tupu ni 32, 'a' ni 97. 32 toa 97 ni hasi 65, unaandika nje ya safu yako. Swali lina herufi, tarakimu, alama na nafasi tupu. Fanya `mwisho[128]`, tumia thamani ya herufi yenyewe bila kutoa kitu, na uijaze -1 mwanzoni.

---

Fundi_C_Njombe

Kwa nini -1 na siyo 0?

---

MnyaluMkali

SIFURI TENA! Si ndiyo hiyo hiyo ninayoilalamikia hapo juu!