Mjadala: Programu ya kuhesabu dakika za mfanyakazi, usimamizi au uonevu?

Mwanzisha mada: Ofisi inafunga programu inayopiga picha za skrini na kutoa asilimia ya "kazi" kila dakika kumi. Watu wanakaa roho juu mchana kutwa. Hii ni haki kweli?

Bosi wa Zamu: Anayefanya kazi haogopi kupimwa. Wanaopiga kelele ni wavivu.

Fundi Mitambo: Wavivu? Tupige hesabu. Programu nyingi za aina hii haziioni kazi, zinaona kipanya na kibodi. Dakika kumi ni sekunde 600, na sekunde iliyoguswa ndiyo inayohesabiwa. Mtu anasoma mkataba, anasogeza ukurasa mara moja kila sekunde 15: sekunde 40, asilimia 7. Jirani yake anachati bila kupumua, sekunde 420, asilimia 70. Mvivu ni nani kwenye ripoti yako? Ndiyo maana watu wanatikisa kipanya huku wanasoma, na mkataba wenyewe hausomwi vizuri.

Bosi wa Zamu: Picha za skrini zitamnasa huyo wa kuchati.

Fundi Mitambo: Kama kuna anayezifungua. Picha tatu kila dakika kumi, kwa saa nane, ni 144 kwa mtu mmoja. Watu ishirini, 2,880 kwa siku. Unazifungua wewe? Unasoma asilimia tu, sema ukweli.

Makini: Si Amazon walipigwa faini huko Ulaya kwa kufunga kamera kila kona?

Mama Sheria: Kamera zilikuwemo, ila uzito ulikuwa kwenye skana za ghalani. Ni Ufaransa: CNIL, wasimamizi wa data binafsi, waliwatoza euro milioni 32, uamuzi wa Desemba 2023. Wakati huo ukiskani bidhaa kabla ya sekunde 1.25 kupita tangu iliyotangulia, ulikuwa unaandikiwa kosa. Skana ikinyamaza dakika kumi, nayo ilikuwa inaandikwa. Haraka kosa, polepole kosa! Kupima kwenyewe hakukukatazwa. Kilichokataliwa ni kumweka mtu katika hali ya kutakiwa kueleza kila anaposimamisha kazi, na kutunza takwimu zake zote kwa siku 31. Roho juu ya mwanzisha mada inatoka hapo hapo.

Kidole Gumba: Afadhali nyie. Mashine ya kidole inatukataa asubuhi, tunahesabiwa tumechelewa.

Bosi wa Zamu: Ajabu, kidole kinakataa saa mbili na dakika tano tu, jioni kinakubali mara moja.

Kidole Gumba: Chunga mdomo, ndugu. Unajua ngozi ya mtu anayeshika saruji au sabuni?

Fundi Mitambo: Hana kosa huyo. Ngozi ikikauka au kuchubuka, alama hazisomeki. Sajilini vidole viwili, kimoja kila mkono, futeni kioo kwa kitambaa laini kikavu, na liwepo daftari la kusaini mashine ikikataa. Saa ya mashine nayo ikaguliwe, huwa inapotea taratibu.

Bosi wa Zamu: Daftari! Turudi kulekule kwa kusainiana?

Mama Sheria: Swali lilikuwa la skrini, jamani.

Kidole Gumba: Aombe radhi kwanza.