Naomba ushauri: kumvisha mama koti zito kwenye picha ya Machi

PichaUmoja
Wadau, nina studio ndogo hapa Umoja. Mteja wangu wa Toronto anatengeneza kalenda ya familia, na wenzake wote walipigwa picha Januari wakiwa na makoti kwenye theluji. Mama yao nilimpiga picha mimi hapa Nairobi mwezi wa tatu, saa saba mchana, akiwa na blauzi ya kitenge isiyo na mikono. Nimembandikia koti la sufu na skafu nyekundu, lakini anafanana na sanamu ya dukani iliyopachikwa kichwa. Shida iko wapi?

Wa_Kayole
Hakuna kivuli. Weka Drop Shadow kwenye leya ya skafu, kazi imeisha.

Nyaboke_Retachi
Kivuli ni kweli, ila si hicho. Drop Shadow itatupa kivuli cha skafu kwenye ngozi, na kinachokosekana ni kivuli cha kidevu juu ya skafu. Saa saba ya Machi jua letu liko karibu utosini, kwa hiyo lazima kidevu kitie giza kilicho chini yake. Fungua leya mpya juu ya skafu, iweke Multiply, ibane isitoke nje ya skafu. Usitumie nyeusi, chota rangi kwenye mkunjo wenye giza wa skafu yenyewe, kisha paka kidogo kidogo kwa brashi laini. Kikolee karibu na shingo, kififie kuelekea kifuani.

Halafu skafu igawe vipande viwili, cha mbele kipite juu ya shingo na cha nyuma kiingie nyuma ya nywele. Mama amesuka?

PichaUmoja
Ndiyo, rasta zinafika mabegani.

Nyaboke_Retachi
Basi chache zirudishe juu ya skafu kwa maski. Skafu ikizikata zote kwa mstari mmoja, jicho linaona mkasi papo hapo.

Mama Titi
Makoti mazito yamejaa Gikomba, na bei si mbaya. Mnunulieni tu, Julai hii baridi inaua.

PichaUmoja
Mama, ni koti la kwenye picha 😂

Nyaboke_Retachi
Usicheke, hapo kuna dawa. Azima koti la kweli, mvishe mtu wa umbo lake, umpige picha palepale, saa ileile, kamera kwa kimo kilekile. Ukingoja jua kali, mwanga utakaribiana na wa usoni. Na usilipunguze koti lifuate mabega ya blauzi. Koti zito hupanua mabega.

Jabali254
Na uso je? Toronto mwezi wa kwanza, jua la adhuhuri liko kama digrii 25 tu juu ya upeo. Wenzake wamepigwa na mwanga wa ubavuni, yeye macho yamezama kwenye vivuli. Mpige upya sasa hivi chini ya mawingu, mwanga laini hausumbui.

PichaUmoja
Ameshaenda Kisii, na kalenda inachapwa wiki ijayo.

Jabali254
Basi inua vivuli vya macho kwa Curves.

Nyaboke_Retachi
Kidogo sana, Jabali. Ukivifuta, mashavu yanalala na watoto wake watauliza huyu ni nani. Mimi ningeacha uso ulivyo.

Jabali254
Mimi singeuacha.