Kamba ya nanga: katani, nailoni, polista au hii ya bluu ya plastiki?

Omo_Juu (Bagamoyo)
Wakuu habari za mchana. Nna kiboti cha faiba futi 23, injini ndogo tu ya pembeni, naiacha imetia nanga usiku kucha maana kuipandisha mchangani kila siku ni kazi ya watu sita. Wiki iliyopita usiku wa bamvua, kusi linapiga, asubuhi nakuta boti iko kwenye mikoko kule chini, nashukuru haikupasuka. Kamba imekatika. Ilikuwa nailoni ya bluu ya milimita 12, niliinunua mwaka jana, haina hata miezi kumi na moja!! Sasa dukani wananiambia chukua nene zaidi, mwingine anasema rudi kwenye katani kama wazee, mwingine anataka kuniuzia polista bei yake sio ya mchezo. Mnashauri ipi? Mi nataka kitu cha kuhimili mzigo, jua na maji ya chumvi, basi.

Chumvi_Tele
Pole mkuu. Hapo hamna mjadala, nailoni ndo baba lao kwa nguvu. Wewe umeuziwa fake. Chukua nailoni orijino, tena itumie kote, nanga, henza ya kupandishia tanga, demani ya kulivutia, kila kitu usihangaike.

Mzee_wa_Sahare (Tanga)
Kijana pole kwa msukosuko. Kabla ya kuchagua kamba nijibu mambo mawili. Ilikatikia wapi, chini kwenye nanga au juu mbele ya boti, karibu na omo? Na je, hiyo ya bluu ukikata kipande ukakitia kwenye ndoo ya maji kinazama au kinaelea?

Mama_Mbuzi
Samahani naingilia, mimi nina mbuzi wawili wa maziwa nawafunga kwa kamba ya bluu hizohizo na mmoja shingo imechubuka vibaya, je katani ni laini zaidi? Maana nimeona mnaongelea kamba.

Omo_Juu
Shikamoo mzee. Imekatikia juu, kama shubiri mbili kutoka pale inapopita kwenye tundu la omo. Kipande nimekiweka kwenye ndoo sasa hivi... kinaelea kama kizibo.

Mzee_wa_Sahare
Marahaba. Basi hukuwa na nailoni hata siku moja. Nailoni inazama, polista inazama tena haraka zaidi. Hiyo inayoelea ni polipropilini, ile plastiki ya kawaida, madukani wanaiita nailoni, wengine manila, jina tu, na hata anayekuuzia mara nyingi hajui. Sio fake, ni kamba nyingine kabisa.

Sasa usikimbilie kusema ilikuwa dhaifu. Polipropilini ya milimita 12 ikiwa mpya inakatika kwenye kama tani mbili, polista mbili na kidogo, nailoni inafika tatu, katani hata tani moja haifiki. Boti ya futi 23 kwenye upepo mkali inavuta kamba kwa kama kilo 200, tuseme 250. Ukipiga fundo unapoteza karibu nusu ya nguvu, lakini hata ukitoa hiyo nusu bado una tani nzima mkononi. Kwa hiyo kamba mpya isingekatika kwa upepo ule. Kilichokatika kilikuwa kamba iliyokwisha kufa, na imekufa palepale juu ambapo haiingii majini, inapigwa na jua kutwa.

Kaangalie ncha iliyokatika. Ukiikuna kwa kucha inatoa unga mweupe? Vinyuzi vya nje vimesimama kama manyoya, ukivikunja vinavunjika badala ya kukunjika? Hiyo ni kazi ya jua. Afu kata kipande cha kilichokuwa chini ya maji ulinganishe.

Omo_Juu
Mzee umesema kama ulikuwepo pale. Ya juu imepauka kuwa kijivu na vinyuzi vinakatika kwa vidole, mkono wote unawasha. Ya chini bado ya bluu kabisa, ina ukoko wa majani ya baharini lakini ni ngumu.

Pwani_Likoni
Mimi nauza kamba huku Mombasa, naomba nitetee bidhaa kidogo haha. Kuna polipropilini na polipropilini. Ile iliyowekewa dawa ya kuzuia jua inakaa miaka, ile ya bei ya chini haina kitu, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Nyeusi kwa kawaida hukaa zaidi juani kuliko nyeupe na bluu, lakini rangi pekee si ya kuapia. Afu huyo bwana aangalie hilo tundu la omo, kama lina ukingo mkali basi jua limesingiziwa. Hii plastiki huyeyuka kwa moto mdogo kuliko hao wenzake, ikisuguana chini ya mzigo inapata joto na kulainika.

Mzee_wa_Sahare
Kweli kabisa, msuguano sikatai. Ila kulainika kwa joto kunaacha mahali pang'avu, pagumu kama nta ya mshumaa iliyoganda. Kijana hajasema ameona hivyo.

Chumvi_Tele
Sawa sio nailoni, lakini point yangu ipo palepale, anunue nailoni ya kweli. Mzee mwenyewe kasema ina tani tatu.

Mzee_wa_Sahare
Kwa nanga nakuunga mkono, lakini sio kwa sababu ya tani. Sababu ni kwamba inavutika. Kamba ya nailoni ya mita 30 kwenye wimbi kubwa inaweza kurefuka mita mbili hata tatu kisha ikarudi, kwa hiyo boti ikinyanyuliwa haishtui nanga wala kile chuma cha omo. Polista inavutika kidogo sana. Na hapo hapo ndo ushauri wako wa henza unapoharibika, ukipandisha tanga kwa nailoni upepo ukija tanga linashuka lenyewe, unakaza, linashuka tena, utakesha. Henza na demani tia polista, haivutiki, ikilowa nguvu yake haipungui, na kwa jua hao wote wanne hamna anayeifikia. Nailoni ikilowa inapoteza kama sehemu moja ya kumi au zaidi kidogo, na ikizeeka inakakamaa kama waya, lazima uihesabie hilo.

Halafu ikiwa unavuta boti ya mwenzio kwa nailoni usimwache mtu asimame kwenye mstari wa kamba. Ikikatika inarudi na nguvu yote ile iliyokuwa imejivuta. Nimeona mguu uliopigwa.

Dada_wa_Jambiani
Nyie mnaisema vibaya hiyo inayoelea, sisi kwenye mwani tunaipenda. Kamba nyembamba tunazofungia mwani kwa vikamba vidogo vya taitai ziko majini muda mwingi, maji yakijaa zinanyanyuka juu kidogo mwani unapata mwanga, ingezama ingelala kwenye mchanga ikaliwa. Ila kweli zile ncha za kwenye vigingi, zinazobaki nje maji yakitoka, ndo zinaanza kukatika. Kwa boti lakini kuelea ni balaa, mume wangu ilimzungukia panga la injini mara mbili.

Omo_Juu
Na katani je? Mzee mmoja hapa gatini kaniambia babu zetu walitumia hizo hizo na hawakulia. Mzee wewe ni wa Tanga, huwezi kuisema vibaya mkonge haha.

Mzee_wa_Sahare
Siwezi kuusema vibaya, umenisomesha. Mkonge wenyewe uliletwa Tanga mwaka 1893 na Mjerumani Hindorf, miche elfu moja aliagiza toka Florida, iliyofika hai ikawa 62 tu, mashamba yote yale yakaanzia hapo. Kwa hiyo babu zako wa mbali hawakutumia katani, walitumia kamba za kumbi la nazi.

Katani ina sifa zake. Haiyeyuki, inashika mkononi, fundo lake halitelezi, na jua la muda mfupi haliisumbui kama inavyoisumbua plastiki. Kuifungia mizigo ya magunia, kujengea jukwaa la mafundi, safi kabisa. Adui yake ni kulowa na kukauka, kulowa na kukauka. Inavimba, fundo linakaza mpaka ulikate kwa panga, halafu inaoza kutokea ndani wakati nje bado inaonekana nzima. Ukitaka kuijua, ipinde, fungua misokoto yake uchungulie katikati. Ukikuta weusi, harufu ya ukungu na vumbi linalodondoka, itupe. Kwa nanga inayokaa majini usiku na mchana mimi nisingeiamini, na ili ifikie nguvu ya nailoni ya 12 ingebidi iwe nene karibu mara mbili.

Mama wa mbuzi nisikusahau. Katani ni ya kukwaruza, haitakuwa laini. Tatizo sio aina ya kamba, ni kamba nyembamba shingoni. Mvishe ukanda mpana ndo ufunge kamba kwenye ukanda.

Mama_Mbuzi
Ahsante mzee wangu, Mungu akuweke.

Pwani_Likoni
Swali moja ambalo hakuna aliyeuliza. Bwana Omo, kamba yako ilikuwa mita ngapi na kina ni ngapi?

Omo_Juu
Mita 15. Kina pale ni mita mbili tu.

Pwani_Likoni
Mita mbili maji yakiwa yametoka ama yamejaa?

Omo_Juu
Yametoka... nilipima kwa kupiga mbizi.

Pwani_Likoni
Haya sasa. Bamvua kwenu maji yanapanda kama mita tatu na nusu, hiyo ni tano na nusu, omo iko mita moja juu ya maji, sita na nusu. Mita 15 kwa kimo hicho haifiki hata mara mbili na nusu. Kamba ilipanda kwa mwinuko mkubwa mno, kila wimbi likija inashtuka, na haina cheni ya kuilaza. Piga mara tano, mita 32 hivi, na weka cheni mita tano upande wa nanga. Kwa hiyo mimi bado nasema urefu ndo uliua, jua lilimalizia.

Mzee_wa_Sahare
Mimi nasema jua liliua na urefu ukamalizia. Tutabishana mpaka kaskazi. Ila dawa yako ni hiyohiyo, mita 32, cheni, na nailoni. Na pale omo vika mpira wa hosi, halafu kila miezi mitatu geuza kamba, ncha ya juu iende chini.

Omo_Juu
Nimetoka dukani sasa hivi. Nimeenda na chupa ya maji, nikaomba vipande viwili. Ile aliyoniambia "nailoni orijino" nyeupe, imeelea. Mwenye duka akaangalia chupa, akaniangalia mimi, hakusema kitu. Ya pili ikazama. Nikaichoma kwa kiberiti nje, moshi ukawa mweusi wenye masizi. Hiyo ni nailoni au polista?

Mzee_wa_Sahare
Moshi mweusi wa masizi, hapo nashuku polista. Usilipe kwanza. Shika mita moja wewe na mwenzio mvute kwa nguvu zenu zote, mpime kwa futi inarefuka kiasi gani, kisha uje.